Majukumu ya dukani yaandike kwa namba

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Wasifu wako umenifikia na nimeusoma. Kabla hujaupeleka kuomba ile nafasi ya msimamizi wa zamu, sehemu ya uzoefu wa kazi inabidi uiandike upya. Umeweka hivi: "Kuhudumia wateja. Kupanga bidhaa kwenye rafu. Kukagua tarehe za mwisho wa matumizi. Kupokea malipo. Kuelekeza wafanyakazi wapya." Hakuna uongo hapo, ila kila muuzaji atakayeomba nafasi hiyo anaweza kuandika maneno hayohayo, hata yule anayepanga rafu ovyo. Anayesoma haoni ulifanya kazi kiasi gani wala duka lilibadilika nini kwa sababu yako.

Usihangaike kuupa kila mstari namba. Msimamizi wa zamu hubanwa zaidi kwa mambo matatu: bidhaa zinazopotea au kuharibika, droo za pesa zisizolingana na mashine, na wafanyakazi wasiojua kazi. Kwa hiyo mistari yako mitatu ya mwisho ndiyo ya kushughulikia. Kuhudumia wateja na kupanga rafu viunganishe katika sentensi moja ya utangulizi inayoonyesha ukubwa wa duka: mko wangapi kwa zamu, mashine za malipo ni ngapi, na sehemu gani umekabidhiwa wewe.

Ukaguzi wa tarehe ndio wenye uzito zaidi, na ndio ulio rahisi kukuangusha. Uliniambia wewe ndiye uliyeanzisha mtindo wa kukagua friji kila asubuhi na kusogeza mbele bidhaa zinazokaribia kuisha muda, wakati zamani zilikuwa zinasubiri ukaguzi wa mwisho wa wiki. Basi kitendo unacho tayari. Kinachokosekana ni hali ilivyokuwa kabla na ilivyokuwa baadaye. Mwombe meneja ruhusa ya kuangalia daftari la bidhaa zilizotupwa, uchukue miezi mitatu kabla ya utaratibu wako na mitatu iliyofuata.

Tuseme daftari linaonyesha bidhaa 96 za friji zilitupwa katika miezi ile ya kwanza, na 60 katika ile ya pili. Zimepungua 36, na 36 ukiigawa kwa 96 unapata asilimia 37.5. Mkono utakuwasha kuiandika. Ngoja kwanza, katazame hati za kupokea mzigo za miezi hiyohiyo. Kama friji ilipokea bidhaa 2,400 katika kipindi cha kwanza na 2,000 katika cha pili, basi sehemu ya upungufu huo imeletwa na mzigo mdogo, haikuletwa na wewe. Hesabu sahihi ni ya zilizotupwa kwa kila 100 zilizopokelewa: 96 katika 2,400 ni 4, na 60 katika 2,000 ni 3. Uharibifu umeshuka kwa robo, haujafika asilimia 37.5. Robo si haba, na ukihojiwa na mtu anayejua stoo haitakuaibisha.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Kutoka asilimia 4 hadi 3, mmoja ataita upungufu wa asilimia 1, mwingine ataita asilimia 25, na kila mmoja atakuwa na hoja. Ubishi huo unaukata kwa kutaja ncha zote mbili, pale ulipoanzia na pale ulipofika. Mstari wenyewe ningeuandika hivi:

"Nilianzisha ukaguzi wa tarehe kwenye friji kila asubuhi, katika miezi mitatu, bidhaa zilizotupwa kwa kuisha muda zilipungua kutoka 4 hadi 3 kwa kila 100 zilizopokelewa."

Angalia kwamba umeanza na kitendo ulichokifanya wewe. Maneno kama "nilihusika na" au "nilikuwa na jukumu la" yaondoe kabisa, yanamfanya msomaji ajiulize kama kazi ilifanywa au ilipangwa tu. Kama mwenzako mlikuwa mnapokezana asubuhi, andika "nilianzisha, kwa kushirikiana na mwenzangu mmoja". Hilo halikupunguzii kitu. Anayetafuta msimamizi anataka mtu anayeweza kuwafanya wengine wafuate utaratibu. Jiandae pia kwa swali moja: je, katika kipindi hicho duka lilianza kuuza kwa bei ya punguzo zile zinazokaribia kuisha muda? Kama ndiyo, litaje mwenyewe, kwa sababu punguzo la bei nalo linapunguza kutupa.

Kwenye "Kupokea malipo" usitaje jumla ya mauzo. Hiyo ni siri ya mwenye duka, na zaidi ya hapo inaeleza duka lilipo kuliko inavyokueleza wewe. Chukua ripoti za kufunga zamu. Tuseme katika zamu 60 droo yako ililingana na mashine mara 57, na zile tatu zilizobaki tofauti ilikuwa ndogo kuliko kiwango ambacho duka linataka kiandikiwe maelezo. Andika: "Katika zamu 60, droo yangu ililingana na ripoti ya mashine mara 57, hakuna tofauti iliyofikia kiwango cha kuandikiwa maelezo." Naona hii inaaminika kuliko "sikuwahi kukosea", ambayo keshia yeyote ataicheka. Lakini kama droo moja mlikuwa mnaitumia wawili ndani ya zamu ileile, namba hiyo si yako, iache. Badala yake hesabu wateja uliowahudumia, ikiwa kila mmoja wenu anaingia kwenye mashine kwa namba yake ya siri. Hapo chukua zamu kumi, za siku zenye watu wengi na za siku tulivu, kisha andika kiwango cha chini na cha juu. Ukichagua siku zenye msongamano peke yake, meneja wako akipigiwa simu atatoa namba nyingine kabisa.

Mstari wa wafanyakazi wapya uweke juu ya yote, ingawa wewe umeuzika mwisho. Ndio pekee unaoonyesha kwamba tayari unaongoza watu. "Niliwafundisha 3" haitoshi, kwa kuwa kufundisha si sawa na mtu kujua. Tafuta kipimo ambacho mwingine anaweza kukithibitisha: kila mmoja alifunga droo yake bila msaada kufikia zamu ya ngapi? Ratiba ya zamu na saini kwenye ripoti za kufunga zitakuonyesha. Kama watatu hao walifika hapo kwenye zamu ya 4, ya 5 na ya 6, andika "wote walifunga droo wenyewe kufikia zamu ya 6". Usichukue yule wa 4 ukamfanya mfano wa wote. Na kama ratiba za zamani zimeshatupwa, taja idadi ya watu na kazi uliyowafundisha, uishie hapo.

Mistari mitatu hiyo inatosha, kila mmoja usizidi mistari miwili ya ukurasa. Kwenye karatasi ya pembeni andika kila namba umeitoa daftari gani na la miezi ipi, maana swali la "ulijuaje?" halikosekani. Meneja akikataa kukuonyesha hati za mzigo, nijulishe kabla hujagusa mstari wa friji, tuuandike bila kulinganisha.

Wako,
Rafiki yako