Tangazo la kozi yako ya ushonaji

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Tangazo lako nimelisoma. Kozi haina tatizo. Maneno ndiyo yanayoitia shaka.

Kwanza pigia mstari kila kauli ambayo msomaji hana njia ya kuihakiki: "bora kuliko zote", "uhakika asilimia mia". Kisha tafuta jambo la kweli lililokusukuma kuiandika. Umesema, "Ndani ya wiki 8 utakuwa fundi kamili!" Kozi yenyewe ina vipindi 16 vya saa 2, na mwanafunzi humaliza akiwa ameshona sketi, blauzi na gauni lisilo na bitana. Basi andika hivyo hivyo. Saa 32 hazimtoshi mtu kuwa fundi kamili, na anayeijua kazi akikutana na ahadi hiyo atatilia shaka hata yale ya kweli. Taja pia yasiyofundishwa: suti na makoti hayamo. Mstari huo utakupunguzia wateja wachache, lakini ndio wale ambao baadaye wangedai kurudishiwa pesa.

Tuje kwenye haraka. "Zimebaki nafasi 3 tu, ofa inaisha leo usiku!" Hapa kuna mambo mawili. Nafasi kweli zina kikomo, kwa sababu una cherehani 10, kwa hiyo toa sababu: "Tunapokea wanafunzi 10, kila mmoja na cherehani yake." Idadi iliyobaki usiiandike kwenye tangazo linalosambazwa, maana mtu mmoja akijisajili tu, imeshakuwa uongo. Ofa nayo, ikiwa kesho bei ni ile ile, ifute, pamoja na ile "bei ya zamani" iliyokatwa mstari ambayo hakuna aliyewahi kuilipa. Bei halisi ipande juu, na kando yake gharama ya vitambaa ambavyo mwanafunzi hujinunulia. Hiyo ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo inayoleta ugomvi wiki ya kwanza.

Shinikizo gumu kuliona ni lile lisilo na alama ya mshangao: "Walio makini wameshajiunga. Wewe unasubiri nini?" Linamwaibisha anayetaka kufikiri. Badala yake andika: "Usajili unafungwa siku moja kabla ya kipindi cha kwanza. Ukitaka kuona darasa kabla ya kuamua, karibu kipindi chochote cha darasa linaloendelea sasa." Tarehe iwepo, ila iwe ile unayoifuata kweli.

Angalia tu usivuke upande wa pili. Wengi wakishaondoa chumvi hujaza "huenda" na "pengine" hadi tangazo linaonekana halijiamini. Gauni wanalishona, au hawalishoni? Kama wanalishona, sema bila kusita.

Ukimaliza, mpe mwanafunzi aliyehitimu alisome akiwa na kalamu, akate kila sentensi ambayo hakuiona darasani. Usimuulize kama limependeza, atakuambia limependeza.

Wako,
Rehema