Barua ya maombi si mahali pa kutangaza ulemavu

Mhariri,

Ni miaka nalisoma gazeti lako bila kuandika neno, lakini ile makala ya ushauri wa ajira imenishinda. Eti mwenye ulemavu au ugonjwa wa kudumu aeleze hali yake kwenye barua ya maombi, "kuonyesha uaminifu." Hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote. Anayepitia barua hizo ana rundo mezani na anatafuta za kuondoa. Ukiachwa, hutajua kamwe uliachwa kwa nini.

Mwombaji ajiulize: nitahitaji nini, na lini? Tuseme mtu ana usikivu hafifu na ameitwa kwenye usaili wa simu. Kwenye simu haoni midomo. Akinyamaza atajibu swali ambalo hakuulizwa, na msaili ataandika kwamba haelewi mambo. Basi aseme hapo, siku ileile anapopata mwaliko, kwa barua pepe ili ombi libaki kwenye maandishi: "Nina usikivu hafifu. Naomba usaili uwe wa ana kwa ana, na anayeuliza aketi akinitazama." Inatosha. Chanzo cha tatizo na vipimo vya hospitali haviwahusu. Lakini mwenye kisukari anayeomba kazi ya ofisini huenda asihitaji chochote kwenye usaili wa dakika 40. Huyu angoje barua ya ajira iwe mkononi, ndipo aombe nafasi ya kupima sukari na kula kwa wakati. Wakimgeuka baada ya hapo, angalau sababu itaonekana.

Kazi ikiwa ya kuendesha gari au kupanda juu, mwenye kifafa asisubiri kuanza kazi ndipo aseme, maana degedege moja linaweza kuua na wengine. Na kukaa kimya si sawa na kudanganya: fomu ya afya ikiuliza waziwazi, ukajaza "Hapana", uongo huo unaweza kukufukuzisha kazi miaka mingi baadaye, hata kama kazi yenyewe unaifanya vizuri.

Fomu zenyewe nazo zinaudhi! Kisanduku kimoja tu: "Una ulemavu? Ndiyo/Hapana." Hazisemi atakayesoma jibu ni nani, wala hazina mstari wa kuandika unachohitaji. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 27, unakataza ubaguzi tangu hatua ya kuajiri na unadai marekebisho yanayofaa kazini. Kisanduku hakirekebishi kitu.

Kifutwe. Kila mwaliko wa usaili ueleze kutakuwa na nini: mtihani wa maandishi wa dakika 60, mahojiano mbele ya watu watatu, chumba kiko ghorofa ya pili na lifti ipo au haipo. Chini yake liwepo swali moja, "Unahitaji tubadilishe nini?", jina la atakayesoma jibu, na siku tano za kujibu.

Msomaji wako wa siku nyingi