Risala ya Kamati ya Maji kwa Mgeni Rasmi: Jina la Mradi Wetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wetu, wafadhili, wazee na ndugu wananchi,

Mradi huu ulianza kwa jina la Maji kwa Maendeleo. Lilipendeza kwenye andiko la kuombea fedha. Tabu ni kwamba kila aliyelisoma alijaza maana yake mwenyewe. Mfadhili alielewa afya, wakulima wakaelewa umwagiliaji, na ofisini barua zetu zikawekwa kwenye faili la kilimo.

Chemchemi yetu inatoa nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Tukimpa kila mtu lita 25 za kunywa, kupikia na kuoga, zinatosha watu 1,728, nasi tunakaribia 1,600. Ziada ya kumwagilia hakuna. Lakini mtu aliyeahidiwa maendeleo utamkatalia vipi bustani? Mipira ikaunganishwa usiku, na kufika saa nne asubuhi tangi lilikuwa tupu. Kamati ikalaumu wezi wa maji. Kwa maoni yetu, jina nalo lilikuwa na sehemu yake.

Tulipoamua kulibadili, tuliwauliza watu waliokuwa kwenye foleni swali moja tu, bila maelezo: ukisikia jina hili, utakuja umebeba nini? Kwa jina la zamani, mzee mmoja alijibu, "Jembe." Kwa jina la Maji ya Nyumbani, karibu wote walijibu ndoo. Hapo tukajua tumepata.

Wapo waliotaka tuongeze "Safi na Salama". Tulikataa. Maji haya yanang'aa, ila vijidudu havionekani kwa macho, na sampuli haijapimwa maabara. Neno salama likishaandikwa ukutani, hakuna atakayechemsha. Jina la mfadhili pia hatukulitanguliza, na tunamshukuru kwa kutuelewa: bomba likipasuka, watu wangemsubiri yeye aje na fundi. Jina lake lipo chini ya kibao, kwa shukrani.

Basi jina kamili ni Mradi wa Maji ya Nyumbani, likifuatwa na jina la kijiji. Chini yake upo mstari mmoja kwa ajili ya wafadhili na wataalamu: "Chemchemi ya mserereko, vituo sita vya kuchotea." Anayetaka kujua chanzo na ukubwa wa kazi anavipata hapo.

Mheshimiwa, tuna ombi moja. Mkataba bado una jina la zamani na akaunti ya benki ina jipya, na hundi moja imesharudishwa kwa sababu hiyo. Tunaomba ofisi yako isaidie jina hili liandikwe vilevile, neno kwa neno, kwenye rejista, mkataba na akaunti. Baada ya hapo tunakukaribisha ufunue kibao.

Tunaomba kuwasilisha.