Pasipoti inayoisha Februari 2028 haikufikishi Dubai Januari 2028

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wasafiri, na zaidi na wenzangu tunaokata tiketi, kuhusu jambo linalowarudisha watu nyumbani na mabegi yao wakiwa wameshaaga.

Pasipoti za kielektroniki zilianza kutolewa Tanzania mwanzoni mwa 2018, na za kawaida hudumu miaka 10. Waliochukua zile za mwanzo wanajua kwamba wanazo hadi 2028. Kwa safari ya Dubai hesabu hiyo haisimami. Falme za Kiarabu zinataka pasipoti ya mgeni iwe na angalau miezi sita mbele kuanzia siku anayoingia, kwa hiyo nusu mwaka wa mwisho wa kitabu hicho haumfai kitu msafiri wa huko.

Tuchukue pasipoti iliyoandikwa kuisha tarehe 12 Februari 2028. Rudi nyuma miezi sita kwenye kalenda, unapata 12 Agosti 2027. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kuingia. Anayeingia tarehe 13 Agosti anatakiwa awe na pasipoti inayofika 13 Februari, na yake imepungua siku moja. Siku hiyo moja inatosha kumzuia.

Watu wengi hukosea mahali pa kuanzia kuhesabu. Tarehe ya kukata tiketi haihusiki, wala tarehe viza ilipotoka, wala siku ya kuondoka Dar es Salaam. Ndege inayoruka usiku wa tarehe 12 na kutua alfajiri ya tarehe 13 huhesabiwa tarehe 13. Na ile iliyopangwa kutua saa tano usiku ikichelewa, abiria anafika siku nyingine kabisa. Ndiyo maana mteja wangu simkatii tiketi ya siku ya mwisho, hata kama kwa maandishi inaruhusiwa.

Wengine hugeuza miezi sita kuwa siku 180. Ukihesabu siku 180 kutoka 12 Agosti 2027 unaishia 8 Februari 2028, siku nne pungufu. Hesabu kwa miezi ya kalenda. Ukifika tarehe 30 au 31 Agosti, Februari haina tarehe kama hizo, basi usibishane na kalenda: hakikisha pasipoti inafika walau 1 Machi.

Shemeji yangu alizuiwa uwanjani akiwa na viza mkononi. Alipoiomba, pasipoti ilikuwa bado inakidhi. Viza ikatoka, naye akasogeza safari mbele kwa majuma machache kwa sababu ya msiba, ndani ya muda wa viza yenyewe. Viza ilikuwa hai, tiketi ilikuwa hai, miezi sita ndiyo iliyokuwa imevunjika. Aliyemsogezea tiketi alibadilisha tarehe ya ndege bila hata kufungua pasipoti.

Pale kaunta kumsihi mhudumu hakusaidii. Fungua ukurasa wa picha utazame mstari wa chini kabisa, ule wenye herufi na alama zilizobanana. Baada ya herufi M au F kuna tarakimu sita: 280212, yaani mwaka, mwezi, siku. Mashine husoma hizo, na mfumo wa shirika la ndege huzilinganisha na masharti ya nchi unayokwenda. Shirika likimpeleka mtu asiyekidhi, litalazimika kumrudisha na huenda likatozwa faini. Mhudumu hana ubavu wa kulibeba hilo kwa huruma.

Kila nchi ina kipimo chake pia. Nchi za Schengen huko Ulaya, kwa mfano, zinataka miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka kwao, na pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Anayebeba hesabu ya Dubai kuipeleka Paris, au ya Paris kuipeleka Dubai, atakosea.

Ninachoomba ni kitu kidogo. Wakala yeyote anayekata au kusogeza tiketi aandike kwenye risiti tarehe ya mwisho ya mteja kuingia anakokwenda, kwa kusoma pasipoti yenyewe. Na mteja akiambiwa abadilishe pasipoti, aelezwe abadilishe kwanza ndipo aombe viza. Viza ya mtandaoni hufungwa na namba ya pasipoti, na kitabu kipya huja na namba mpya. Akianza na viza, atailipia mara mbili.

Mkata tiketi,
Kariakoo, Dar es Salaam