Picha Tatu za Baba

Tabora,
12 Agosti 2025

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. Misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa Baba ilisomwa hapa nyumbani Jumamosi iliyopita, chini ya mwembe, na ilikwenda vizuri. Uliponipigia simu kutoka Mwanza uliuliza kama tulitumia kwenye bango ile picha uliyompiga Baba katika harusi ya mdogo wangu. Nilikujibu kwa mkato kwa sababu wageni walikuwa wamejaa uani, nawe unastahili maelezo kamili.

Mama alitaka picha ndogo ya pasipoti ya mwaka 1978, ambayo Baba alimpa walipochumbiana, na ambayo tangu hapo haijatoka katika kitabu chake cha sala. Baba alikuwa na miaka 28. Mimi nilitaka ile yako ya mwaka 2023, kwa kuwa ndiyo ya mwisho ambayo anacheka, na ule mkono unaoonekana pembeni mwake ni wangu. Ya tatu ililetwa na Baba Mdogo: picha ya saizi ya postikadi, iliyopigwa mwaka 2010 siku Baba alipostaafu reli, amesimama mbele ya stesheni na kofia yake ya kazi kwapani.

Bango lilikuwa la mita mbili kwa moja, na sura ya Baba ilipangiwa kimo cha sentimita 90. Mchapaji alinieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria, kwamba picha ya pasipoti yenye kimo cha milimita 45 ingekuzwa mara 20, na kila kilichomo kingekua nayo. Ule mhuri wa ofisi ulioangukia bega na ukingo wa shavu, ambao kwenye picha hauzidi sentimita moja, ungefika sentimita 20. Mama alisikiliza, akaichukua picha yake, akairudisha kitabuni bila kusema neno.

Yako ilinisumbua zaidi. Nilikuwa na nakala uliyonitumia kwa WhatsApp, ambayo ilikuwa imepunguzwa hadi pikseli 1600 kwa upande mrefu, na baada ya kuwakata watu wengine, Baba alibaki na pikseli 300 tu kwa kimo. Ukizitandaza hizo kwenye sentimita 90, kila moja inakuwa kijiraba cha milimita tatu, na jicho zima linajengwa kwa vijiraba vichache. Mchapaji alijaribu kuilainisha kwenye kompyuta. Sura ikang'aa, ngozi ikanyooka, nami nikafurahi mpaka Mama aliposogea karibu na kuuliza, "Kovu lake liko wapi?" Lile kovu la juu ya nyusi ya kushoto, alilolipata utotoni kwa kuanguka mtini, lilikuwa limefutika. Kompyuta ilikuwa imeziba pasipojulikana kwa ngozi ya mtu asiyekuwapo, na sikuweza kumtundika mtu huyo mbele ya ndugu zake.

Hata hivyo sitaki udhani ni suala la pikseli pekee. Niliitazama tena usiku ule nikaona kile ambacho mapenzi yalinificha: kola ilikuwa imemzidi shingo, kwa sababu kisukari kilikuwa kimeshamkondesha. Kicheko kile nilikijua mimi niliyekuwa nimemshika mkono, lakini mtu anayeingia getini angeona ugonjwa kwanza.

Basi nikachagua ya kustaafu. Kwa kimo cha sentimita 15 ilihitaji kukuzwa mara sita tu. Tatizo lilikuwa karatasi yake yenye vinundu, kwani skana ilivinasa vyote kama wavu juu ya uso, na ilibidi iskaniwe mara ya pili ikiwa imegeuzwa juu chini, kisha nakala mbili zikaunganishwa ili vivuli vya vinundu vipunguzane. Wavu haukutoweka wote, lakini ukisimama hatua tatu huuoni. Kovu lipo. Mvi zipo pia, na hilo lilinipa amani, maana wajukuu walimjua akiwa na mvi, na yule kijana wa mwaka 1978 wangemwona mgeni.

Sasa nina ombi. Ikiwa picha halisi bado imo kwenye simu yako, nitumie kama faili la dokumenti, usiitume kama picha, ili isipunguzwe tena. Kwa simu ile yako, Baba atakuwa na pikseli zipatazo 750, ambazo kwa bango ni chache lakini kwa fremu ya sentimita 10 zinatosha kabisa. Nataka kuiweka kando ya kitanda changu, na safari hii mkono wangu usikatwe.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.