Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Ununuzi: Saa ya Kufunga Zabuni Iandikwe Pamoja na Ukanda Wake

Kwako Mkurugenzi wa Ununuzi na Ugavi,

YAH: KUTAJA UKANDA WA SAA KATIKA MUDA WA MWISHO WA KUWASILISHA ZABUNI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kazi yangu ni kuandaa zabuni kwa niaba ya kampuni zinazoomba kwa ubia, mara nyingi zikiwa katika nchi tofauti. Ninakuandikia kwa sababu ya sentensi moja iliyokuwa katika tangazo la ofisi yako, iliyosema kwamba zabuni ziwasilishwe kwenye mfumo "kabla ya saa 5:00 asubuhi, Jumatatu, tarehe 20 Oktoba 2025", tarehe ambayo baadaye ilisogezwa hadi Jumatatu ya tarehe 27. Hapakuwa na neno lolote la kueleza kwamba saa hiyo ni ya wapi.

Ofisi yako inatumia Saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko mbele ya saa ya dunia, yaani UTC, kwa saa tatu. Mbia wetu aliyekuwa na jukumu la kupakia pendekezo la bei alikuwa London. Tangazo lilipotoka mapema mwezi ule, tofauti kati ya ofisi yako na London ilikuwa saa mbili, kwa kuwa Waingereza walikuwa bado katika saa zao za kiangazi. Mbia akapiga hesabu, akaandika katika kalenda yake kwamba mwisho ni saa 3:00 asubuhi ya kwao, na hakuirudia tena hesabu hiyo. Jumapili ya tarehe 26 Oktoba saa za London zilirudishwa nyuma, tofauti ikawa saa tatu, na saa 5:00 ya ofisi yako ikawa saa 2:00 ya kwake. Asubuhi ya Jumatatu alipakia faili saa 2:47, akiamini kwamba amebakiwa na dakika 13, kumbe kwenu ilikwishafika saa 5:47.

Kosa la hesabu lilikuwa letu, na sikuandiki kudai kwamba tulionewa. Lililonishughulisha ni yaliyofuata. Mfumo uliipokea faili hiyo badala ya kuikataa, ukatoa stakabadhi iliyoandikwa 27/10/2025 08:47, nayo pia haikutaja ukanda, kwa sababu seva ilikuwa ikihifadhi muda kwa UTC. Barua ya kutuondoa ilisema tumechelewa kwa dakika 47. Mbia akaiweka stakabadhi mbele ya kamati na kusema: saa 5:00 asubuhi ni 11:00, stakabadhi yenu wenyewe inasema 08:47, basi nimewahi kwa saa mbili na dakika 13. Kwa maandishi yaliyokuwapo mezani, hakuna aliyeweza kumwambia kwamba anasoma vibaya, na ilibidi aitwe fundi wa mfumo aeleze seva inahesabuje muda. Malalamiko hayo yalichukua wiki kadhaa, na wazabuni waliowahi walisubiri muda wote huo huku siku za dhamana zao za zabuni zikiendelea kuhesabiwa.

Sentensi ifuatayo ingeumaliza mgogoro huo kabla haujaanza:

"Zabuni zitapokelewa hadi Jumatatu, tarehe 27 Oktoba 2025, saa 5:00 kamili asubuhi, yaani 11:00:00 kwa mtindo wa saa 24, kwa Saa za Afrika Mashariki (UTC+03:00), sawa na 08:00:00 UTC."

Katika mfumo wenyewe, na katika stakabadhi, muda huohuo uandikwe hivi:

```
2025-10-27T11:00:00+03:00
```

Nimeweka saa 5:00 na 11:00 pamoja kwa makusudi. Sisi tunaoanza kuhesabu saa macheo yanapoingia hatuoni shida yoyote katika "saa 5:00 asubuhi", lakini mbia asiyejua Kiswahili, au programu inayomtafsiria tangazo, huiona tarakimu 5 na kuielewa kuwa ni alfajiri. Tarakimu za saa 24 huondoa utata huo, ila haziondoi ule wa ukanda, na ndiyo maana vyote viwili vinahitajika.

Utaniuliza kwa nini isitoshe kuandika "saa za hapa" au kifupi cha herufi tatu. "Saa za hapa" hutegemea anayesoma yuko wapi, na katika zabuni ya kimtandao kila mzabuni ana "hapa" yake. Vifupisho navyo vina wenyewe wengi: IST hutumika India, Ireland na Israeli, na CST ni ya China kama ilivyo ya katikati ya Marekani. Hata GMT, ambayo wengi huiona salama, huwapotosha wale wanaodhani kwamba ndiyo saa ya London mwaka mzima, ilhali wakati wa kiangazi London huwa mbele yake kwa saa moja. Namba ya tofauti na UTC haina ndugu wa kufanana naye.

Kwa zabuni inayofungwa ndani ya wiki chache, namba hiyo inatosha. Kwa mkataba wa miaka kadhaa hali ni nyingine, kwa sababu nchi inaweza kubadilisha saa zake. Sudan Kusini ilitoka UTC+3 ikaingia UTC+2 tarehe 1 Februari 2021, hivyo mkataba uliosainiwa kabla ya hapo na kusema tu "saa za Juba" ulijikuta na muda wa mwisho uliosogea kwa saa moja bila mtu kuugusa. Mkataba wa namna hiyo useme wazi ni kipi kitakachofuatwa endapo sheria ya saa itabadilika: saa ya ukutani ya mji uliotajwa, au namba ya UTC iliyoandikwa siku ya kusaini.

Naomba pia usifunge zabuni saa sita usiku. Wapo wanaosema "usiku wa Jumatatu" wakimaanisha usiku wa kuamkia Jumatatu, na wapo wanaomaanisha usiku unaofuata mchana wa Jumatatu, kwa hiyo ukanda ukitajwa kwa usahihi kabisa bado utabaki ugomvi wa siku nzima.

Ukanda pekee hausemi saa inayotawala ni ya nani, wala ni tendo gani linalopimwa. Tangazo liseme kwamba saa ya seva ndiyo itakayofuatwa, wala si ya kompyuta ya mzabuni. Kwamba seva hiyo inalinganishwa na chanzo rasmi cha muda. Na kwamba kinachohesabiwa ni faili kupokelewa yote, si kuanza kupakiwa. Faili kubwa linaloanza kupanda saa 4:58 linaweza kukamilika saa 5:03, na mzabuni anastahili kulijua hilo mapema. Neno "kabla ya" nalo liachwe, kwa kuwa linazua swali kama aliyefika saa 5:00:00 kamili amewahi. "Hadi 11:00:00" humpokea huyo na kumkataa wa 11:00:01.

Mwisho, kila mnapotoa marekebisho ya kusogeza tarehe, tafadhali andikeni sentensi yote upya, pamoja na saa na ukanda wake. Marekebisho ya tangazo lile yalisema "tarehe ya mwisho imesogezwa kwa siku saba" na kuishia hapo. Awali zabuni zilikuwa zifungwe tarehe 20 Oktoba, siku ambayo hesabu ya mbia wetu ilikuwa sahihi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwandaaji wa zabuni