Marejesho ya nauli yamechanganywa na kamisheni: niyaandikeje kwenye ritani?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni wakala wa mauzo. Sina mshahara, nalipwa kamisheni tu, na kampuni hukata kodi ya zuio kabla ya kunilipa. Zuio hilo si kodi ya mwisho. Ni malipo ya awali yanayopunguzwa kwenye kodi ya mwaka, nami naruhusiwa kutoa gharama za kazi.

Tatizo ni cheti cha zuio. Kampuni hunirudishia sehemu ya nauli kwa risiti, lakini huijumlisha na kamisheni kisha hukata kodi kwenye jumla yote. Tuseme kamisheni ni 540,000 na nauli iliyorudishwa 60,000. Kwa zuio la asilimia 5, cheti kinaonyesha malipo ya 600,000 na kodi ya 30,000, na mkononi zinafika 570,000.

Hiyo 570,000 ndiyo inayoonekana benki, na ndiyo mtego, kwani anayeiandika kama mapato na bado akadai ile 30,000 atakuwa ameipunguza mara mbili. Kwa hiyo nimeanza na 600,000. Nauli zote za kwenda kwa wateja ni 150,000, pamoja na zile 60,000 zilizorudishwa. Safari za nyumbani hadi ofisini nimeziacha, maana hizo huhesabiwa kuwa za binafsi. Kila safari ina tarehe, nilikotoka, nilikokwenda, jina la mteja na shughuli, kwa sababu risiti ya nauli peke yake haisemi ulifuata nini huko.

Simu ni moja kwa kazi na kwa familia. Matumizi ya mwaka ni 40,000. Kudai yote ni kujitafutia maswali, hivyo nilichukua orodha za simu za miezi ya kawaida, nikahesabu dakika za wateja, zikawa asilimia 70. Nadai 28,000. Faida inabaki 422,000, na kodi yake ikishapigwa natoa ile 30,000.

Mhasibu mmoja ananiambia niandike mapato 540,000 na nauli 90,000 tu, kwa kuwa marejesho si mapato. Faida ni ileile, lakini mapato hayo hayatalingana na cheti, na tofauti kama hiyo ndiyo huchelewesha kukubaliwa kwa zuio. Hofu yangu kwa njia yangu ni kwamba mkaguzi akiona kampuni ilirudisha nauli, anaweza kudhani nadai gharama ambayo sikuibeba, ingawa marejesho yenyewe yamo ndani ya ile 600,000.

Je, niwasilishe kwa 600,000 na kuambatisha mchanganuo wa malipo, au niibane kampuni kwanza irekebishe cheti? Na kwa malipo yajayo, inatosha kutoa ankara yenye mstari wa kamisheni na mstari wa marejesho, au lazima nauli ilipwe peke yake ili isikatwe zuio?

Wakala wa kamisheni